Picha ya karatasi ya mama ya vitu vya stoo: nisaidieni niisome, nipange chakula cha wiki na cha kununua leo

KijanaWaUyole – Ijumaa, saa 5:10 asubuhi

Wadau, habari za asubuhi. Mama yuko Njombe kamuuguza dada aliyejifungua, na mimi ndiye nimebaki na familia hapa Uyole. Tuko sita: bibi, mimi, mdogo wangu wa kidato cha tatu, watoto wawili wa shule ya msingi, na binamu anayefanya kazi gereji (huyu mhesabuni watu wawili).

Kabla ya kuondoka mama aliandika vitu vilivyomo stoo kwenye karatasi ya daftari akaibandika mlangoni. Leo asubuhi nimeipiga picha nikaja nayo kazini Kabwe, nikifunga saa 11 nipite Mwanjelwa ninunue vya wiki nzima, kuanzia kesho Jumamosi hadi Ijumaa ijayo. Nina elfu 50. Simu ya mama haipatikani tangu jana.

Picha nimeweka hapo juu. Mimi nasoma hivi:

Tar. 2
Unga – ndoo nusu
Mch – sado 1
Mah – sado 1½
Mah S – kopo 2
Maf – 1 (au 7?)
Maj – 2
Kar – kopo
Dagaa N – nusu
Viazi – debe (amekata mstari)
Vitunguu – 9 au 4
Sukari – 1
Ngano – 2
Chumvi ipo

Mchana watoto wanakula shule, bibi anapasha kiporo, sisi wengine tunajua wenyewe. Kwa hiyo ni milo ya usiku saba, na mchana wa Jumamosi na Jumapili. Ninunue nini?

---

Mzee_wa_Boda – saa 5:19

Maharage sado unauza bei gani? Niko Tunduma, naweza kuchukua hata debe tatu.

---

KijanaWaUyole – saa 5:21

Mkuu siuzi, hayo ni ya kula sisi.

---

FundiMizani – saa 5:34

Mbona umejaa chakula dogo. Sado ni kilo 4, kila mtu anajua. Kwa hiyo mchele kilo 4, maharage kilo 6, na ndoo nusu ya unga ni kilo 10. Hapo mnakula mpaka mwezi ujao. Nunua nyama, nyanya na mboga, hela nyingine weka mfukoni.

---

MamaStoo – saa 5:58

KijanaWaUyole mwanangu, usitoke kazini kwa hesabu hiyo. Nimekaa stoo ya shule ya bweni Rungwe miaka mingi, nikigawa chakula kwa kipimo, na kosa la FundiMizani nimeliona kwa kila karani mpya.

Sado ni lita 4. Lilikuwa kopo la rangi hilo. Lita siyo kilo, isipokuwa ukipima maji. Mchele na maharage, lita moja inakaa kama gramu 800, kwa hiyo sado moja ni kilo tatu na kidogo. Unga ndiyo unaodanganya zaidi kwa sababu una hewa. Lita moja ya unga ambao haukushindiliwa haifiki hata gramu 600. Ndoo nusu, kama ni ndoo ya lita 20, ni kilo 6 hivi na siyo 10. Kama ni ndoo ndogo ya lita 10, ni kilo 3. Karatasi haisemi ndoo ipi.

Hata hivyo kilo siyo tatizo lako kubwa. Tatizo lako ni mambo mawili. La kwanza, juu kabisa mama kaandika tar. 2, na leo ni tarehe 11. Karatasi inakueleza stoo ya siku tisa zilizopita, na katika siku hizo mmekula. Kitu kilichoandikwa "sukari 1" mimi ningekihesabu hakipo.

La pili ni hiyo "Mah". Ni maharage au ni mahindi? Zipo mbili kwenye karatasi, na mtu haandiki kitu kimoja mara mbili. Ukibahatisha vibaya, Jumatatu jioni utafungua ndoo ukutane na mahindi wakati ulijua una kitoweo. Nyumbani yupo nani sasa hivi?

---

KijanaWaUyole – saa 6:07 mchana

Shikamoo mama. Yupo bibi, lakini macho hayaoni vizuri. Mdogo wangu anarudi saa 8 na nusu.

---

MamaStoo – saa 6:11

Marahaba. Basi akirudi mpigie. Asikusomee karatasi, afungue vyombo. Kwenye unga achomeke mwiko mpaka uguse chini, autoe, aone unga umefika wapi kwenye mti wa mwiko, halafu ausimamishe nje ya ndoo kwenye alama hiyo. Hapo ataona kama ni nusu au robo. Kutazama kwa juu tu ndoo huonekana imejaa.

---

Chiku_Mafinga – saa 6:40

Kamwene! Jamani mmeikuza hiyo picha? Upande wa kulia chini kuna maandishi yaliyogeuka, kama yametokeza kutoka upande wa pili. Wino wa peni ukikandamizwa kwenye karatasi ya daftari hutokeza. Mimi nasoma kama "...tano" na "chumvi". Mama yako kaandika na nyuma. Mwambie huyo mdogo abandue karatasi apige picha upande wa pili pia, na asipige kwa flashi, hiyo ya kwako katikati imeng'aa mpaka neno la baada ya Dagaa N limefutika nusu. Apeleke dirishani, asimame pembeni kivuli chake kisiangukie karatasi, pembe zote nne zionekane.

Kuhusu 1 au 7: usiangalie hiyo namba yenyewe. Tafuta 1 ambayo huna shaka nayo. "Sado 1" ya mchele kaiandika kijiti kitupu. Ya sukari pia kijiti kitupu. Ya mafuta ina kofia. Kwa mwandiko wake hiyo ni 7.

---

FundiMizani – saa 6:52

Chiku, lita 7 za mafuta nyumba ya watu sita? Hakuna mtu ana hizo. Hiyo ni 1, mkono uliteleza. Nunua mafuta dogo.

Na kwenye sado nakubali, nilichanganya. Ila kwa sukari sado inakaribia kilo 4 kweli, nimewahi kupima.

---

MamaStoo – saa 6:58

Kwa sukari hujakosea sana, ni nzito kuliko mchele. Kwa unga umekosea karibu nusu.

---

BabaWatatu_Ilula – saa 7:25

Mimi hili la karatasi limeshanigombanisha na mke wangu. Yeye akikata mstari maana yake kitu kimeisha. Mimi nikikata maana yake nimeshanunua. Basi mwaka juzi alikata mafuta, mchele na sabuni, mimi nikaona vimenunuliwa, nikarudi nyumbani na nyanya tu. Nyanya! Na sisi Ilula nyanya tunalima wenyewe. Alikaa siku mbili haongei na mimi.

Sasa hivi hatuandiki tena sado wala kopo. Tunaandika milo iliyobaki. "Mchele – mara 3." Ukipika unafuta tatu unaandika mbili. Haikosei.

Kwa hiyo kijana, ule mstari wa viazi wewe unaujua maana yake?

---

KijanaWaUyole – saa 7:31

Hapana aisee. Mama huwa anakata vilivyoisha, nadhani.

---

Nuru_wa_Soweto – saa 7:50

Mimi nauliza tu, kwa nini msinunue kila siku? Uyole soko lipo mlangoni. Mambo ya kupanga wiki ni ya watu wa mshahara. Mimi jioni naangalia nina shilingi ngapi ndiyo najua tunakula nini.

---

MamaStoo – saa 8:04

Nuru, kwa mboga za majani uko sahihi kabisa, na mimi sitamwambia anunue za wiki. Lakini maharage hayataki kuamuliwa saa 12 jioni. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana ndugu zetu wa Dar wakija huku wanalalamika maharage hayaivi. Usipoyaloweka usiku uliotangulia utamaliza mkaa. Hilo tu linatosha kukulazimisha ujue leo kesho utapika nini.

---

FundiMizani – saa 8:10

Magadi mama. Kijiko kimoja tu yanalainika chap.

---

MamaStoo – saa 8:15

Yanalainika kweli. Kijiko kizima yanakuwa uji wenye ladha ya sabuni, na virutubisho vingine vinapotea. Ncha ya kijiko kwa sufuria nzima inatosha, na ukiloweka huhitaji hata hiyo. Maharage yaliyokaa tangu msimu wa juzi ndiyo magumu zaidi, hayo hata magadi yanayasaidia kidogo tu.

---

KijanaWaUyole – saa 9:05 alasiri

Nimempata mdogo. Kafungua kila kitu, tumekaa kwenye simu mpaka vocha imelia. Matokeo:

Ndoo ya unga ni ya lita 20, lakini mwiko umeonyesha robo, siyo nusu tena.

Mchele umebaki robo tatu ya sado.

"Mah – sado 1½" ni MAHINDI, yaliyokobolewa, ya kande. Hayajaguswa. "Mah S" ndiyo maharage, ya soya, makopo mawili ya siagi yale ya kilo moja, yamejaa. Ningemsikiliza FundiMizani ningekuwa na kilo 6 za maharage hewa.

Mafuta: kuna dumu la njano la lita 10 chini ya meza, alizeti, limepungua kidogo chini ya nusu. Kumbe mama alinunua kwa mtu anayekamua. Kwa hiyo ilikuwa 7 kweli. Chiku hongera.

Maj ni majani ya chai. Vitunguu hakuna hata kimoja. Sukari imekwisha. Ngano ipo kilo 2. Dagaa wa Nyasa wapo nusu ya mfuko, wazuri.

Kar ni karanga, lakini mdogo anasema nyingine zina ukungu wa kijani na zimesinyaa.

Viazi VIPO. Kwenye tenga karibu na dirisha la stoo, robo debe hivi, vimeota vichipukizi vifupi, vya juu vimekuwa kijani.

Na nyuma ya karatasi kuna maneno: "Mjomba J'tano mahindi gunia. Bibi chumvi kdg."

---

Chiku_Mafinga – saa 9:12

Nilisema!

---

MamaStoo – saa 9:41

Sasa tunaweza kupanga. Kalamu shika.

Kipimo cha kwenu, watu sita na wawili wakiwa wadogo: ugali kilo moja ya unga, wali kilo moja ya mchele, maharage nusu kilo kwa mlo. Binamu yako ndiyo anajaza pale watoto wanapopungua.

Unga robo ndoo ni lita 5, yaani kilo 3 hivi. Mchele lita 3, kilo 2 na nusu hivi. Maharage makopo mawili ni kilo moja na nusu na kidogo. Kwa hiyo una ugali mara tatu, wali mara mbili, maharage mara tatu, na mahindi ya kande ya kutosha. Hapo milo mingi umeshaipata kabla hujatoa shilingi.

Anza na kinachoharibika. Viazi kesho mchana, mchuzi wa nyanya na vitunguu. Vilivyokuwa kijani usile, ile rangi inakwenda pamoja na sumu inayochachuka mdomoni na kuumiza tumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Vya chini ambavyo havijapigwa na mwanga, ng'oa vichipukizi, menya maganda manene, ukiona ndani ni vyeupe vinaliwa. Kesho usiku ugali na dagaa na mboga ya majani. Jumapili mchana wali na nyama, usiku ndizi ndani ya mchuzi uliobaki wa nyama.

Jumapili kabla ya kulala loweka kilo moja ya maharage, siyo nusu. Jumatatu unayapika yote kwa mkaa mmoja: nusu mnakula na ugali, nusu unayatoa kabla ya kuunga, unayachemsha tena Jumanne asubuhi, jioni unayaunga kwa wali. Usitegemee baridi ya Mbeya ikutunzie, yakilala ndani ya sufuria yenye mfuniko karibu na jiko yanachacha. Jumanne usiku loweka mahindi kilo moja na maharage yaliyobaki, Jumatano ni kande. Alhamisi ugali na mayai na mboga. Ijumaa ugali na dagaa.

Ugali umekuwa mara nne, unga unao wa mara tatu, na watoto wanakunywa uji asubuhi. Nunua unga kilo 2.

---

KijanaWaUyole – saa 9:50

Lakini mama, si mjomba analeta gunia Jumatano? Nisubiri tu?

---

MamaStoo – saa 9:56

Analeta mahindi, hajaleta unga. Gunia likifika Jumatano jioni, Alhamisi lipelekwe mashine. Mkikubali dona utapata unga siku hiyo hiyo. Mkitaka sembe ya kukoboa, kuloweka na kuanika, hesabu siku kadhaa na uombe jua. Nunua kilo 2, usinunue mfuko wa kilo 10 ambao utagongana na gunia.

Ongeza sukari kilo moja, vitunguu kilo, nyanya, nyama robo tatu, ndizi za Tukuyu, mayai manane. Mboga za majani za kesho tu, nyingine ununue Alhamisi. Mafuta usiguse. Dagaa waoshe maji ya moto mara mbili kwa ajili ya bibi, na sehemu yake itoe kabla hujatia chumvi, mama yako hakuandika vile bure.

Karanga tupa zote, hata zile zinazoonekana nzima ndani ya kopo hilo. Ukungu ule unaacha sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi.

---

KijanaWaUyole – saa 10:20 jioni

Bibi amesikia habari ya kutupa karanga, amelichukua kopo na kuliweka chumbani kwake. Anasema tangu azaliwe wanachambua mbovu na kuosha nzima, na hakuna aliyekufa.

---

Nuru_wa_Soweto – saa 10:26

Na bibi yangu pia hivyo hivyo. Huwezi kumshinda.

---

MamaStoo – saa 10:33

Usigombane naye. Ila watoto wasiwekewe kwenye uji.

---

Mzee_wa_Boda – saa 10:48

Na hayo mahindi ya mjomba anauza?

---

KijanaWaUyole – saa 2:15 usiku

Nimerudi. Nimetumia 27,500 kwa kila kitu alichosema MamaStoo, na parachichi mbili nimeongezewa na muuza ndizi. Nisingepiga ile simu ningenunua mafuta lita 2 na mfuko wa unga, na nisingekuwa na vitunguu, kwa sababu kwenye karatasi vilikuwepo tisa (au vinne, mpaka leo sijui).

---

KijanaWaUyole – Jumapili, saa 1:40 usiku

Wadau, mama kapiga simu. Mtoto wa dada mzima, wa kike. Nikamsimulia kwa furaha jinsi tulivyosoma karatasi yake na tulivyoanza na viazi kabla havijaharibika.

Akanyamaza.

Kumbe ule mstari haukuwa "vimeisha". Alikata kwa sababu alikumbuka kwamba siyo vya kula. Ni MBEGU. Aliviweka dirishani makusudi vipate mwanga viote vichipukizi vifupi, apande akirudi. Tumekula karibu nusu ya tenga, na vile tulivyokula ndivyo vya chini, vikubwa vikubwa.

---

BabaWatatu_Ilula – saa 1:46

Siku mbili hataongea na wewe. Mimi nakuambia.

---

MamaStoo – saa 1:58

Hilo nimekuponza mimi, mwanangu. Viazi vilivyopangwa dirishani na vichipukizi vifupi vinene, nilipaswa kuuliza. Vilivyosahaulika gizani huota mikia mirefu myeupe. Hivyo vya kijani vilivyobaki msiviguse wala msivihamishe, havikuharibika, kwa kupanda rangi hiyo haina neno.

---

KijanaWaUyole – saa 2:03

Asante mama. Sasa nani anajua wanapouza mbegu ya viazi hapa karibu? Nina 22,500 imebaki, toa mboga ya Alhamisi. Mama anarudi Jumamosi.